Kilo Mia Tatu na Kumi

Mwaka ule ulinichosha kabla haujaisha. Tarehe ishirini na tisa Desemba tulihesabu kakao ghalani kuanzia asubuhi hadi jua linazama, gunia kwa gunia, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza kunyesha Vinces, mji wetu, ile mvua ya joto inayokuacha umelowa hata ukiwa ndani. Jioni nilikuwa na vumbi la kakao mpaka kwenye masikio. Wilter, kiongozi wa vijana wa uwanja wa kuanikia, aliniambia, "Mhasibu, ukikaangwa sasa hivi tunakunywa chokoleti." Nilijikung'uta tu, nikaenda kunawa.

Naitwa Nereida Bajaña. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na leseni yangu ya uhasibu ilikuwa na miezi tisa. Kampuni yetu inanunua kakao kwa wakulima, inaimalizia kukausha, inaisafisha, inaipakia kwenye makontena kwenda kwa mnunuzi wetu wa Hamburg. Watu thelathini na wawili tunakula hapo. Mmoja wao ni shangazi yangu Ermelinda, mpimaji wa mizani ya getini, ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa mshahara wa mizani hiyo hiyo.

Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Hospitali ya Babahoyo ilitaka dola mia tatu za kuanzia ndipo wampe kitanda, na hizo mia tatu ndizo tulizokuwa tukizizungumza mwaka mzima mezani, wali na maharage mbele yetu, kama watu wengine wanavyozungumza habari za mpira.

Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda kwetu. Sheria inasema asilimia kumi na tano ya faida ya mwaka ni ya wafanyakazi. Kumi inagawanywa sawa kwa kila mtu, tano inakwenda kwa wenye watoto na wenza wa kutunza. Shangazi hana mume wala mtoto wa kumzaa, mimi mpwa sihesabiki, kwa hiyo yeye ni ile kumi tu. Hela yenyewe inatoka Aprili, lakini hapa kwetu, tangu enzi za baba yake bosi, kiasi kinatangazwa tarehe thelathini na moja Desemba, saa kumi alasiri, kwenye uwanja wa kuanikia. Na hakitangazwi na mtu. Kinatangazwa na mzee wa mwaka, yule mwanasesere wa kuchomwa moto usiku wa kuamkia Januari. Vijana wanamshona, wanamjaza karatasi na pumba za mbao, wanamvalisha nguo za mtu wanayetaka kumcheka, kisha wanasoma wosia wake: huyu anamwachia makobazi, yule anamwachia madeni. Mstari wa mwisho wa wosia ndio mgawo. Ukishasomwa, umesomwa. Duka la nguo linakopesha kwa mstari huo. Watu wanaoa kwa mstari huo.

Tarehe thelathini nilimaliza hesabu za awali. Faida: dola elfu tisini na sita. Asilimia kumi, elfu tisa na mia sita, gawanya kwa thelathini na mbili. Mia tatu.

Mia tatu kamili! Nilipiga kikokotoo mara tatu. Nikalia kidogo, sioni haya kusema. Don Heriberto Coello, bosi wetu, alipiga kofi mezani, akawapelekea benki hesabu ile ile kwa sababu alikuwa anaomba mkopo wa msimu mpya, na akamnong'oneza Wilter auandike mstari. Kabla ya chakula cha mchana uwanja mzima ulikuwa unajua. Shangazi alinipita koridoni akanifinya shavu. "Nere, nikifunguliwa macho kitu cha kwanza nitaangalia hiyo nywele yako, maana naambiwa ni aibu."

Hapo ndipo ningepaswa kwenda kulala. Lakini kulikuwa na karatasi moja imebaki, ya uzito. Benki huwa inaitaka: kakao iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Kazi ya dakika kumi. Nikaianza.

Tulianza mwaka na kilo elfu kumi na nane. Mizani ya shangazi ikapokea laki nne na elfu kumi na mbili. Toa asilimia tatu ya kukauka na uchafu, ambayo haibadiliki miaka yote: elfu kumi na mbili mia tatu na sitini. Toa tulichouza kwa mujibu wa leja, makontena kumi na sita ya tani ishirini na tano, yaani laki nne. Ghalani zilipaswa kubaki kilo elfu kumi na saba mia sita na arobaini. Sisi tulihesabu elfu arobaini na mbili mia tisa na hamsini.

Zilizidi kilo elfu ishirini na tano mia tatu na kumi.

Kakao ikipungua ghalani, unatafuta mwizi. Ikizidi, mtu asiyeijua kazi hii hushangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu kwenye biashara ya kakao ghala halizai. Kakao ikizidi maana yake imeingia bila kuandikwa, na inayoingia bila kuandikwa imeibwa kwa mkulima pale pale kwenye mizani. Mpimaji aliyekuwepo kabla ya shangazi alikuwa anakandamiza goti chini ya sahani ya mizani ili gunia lionekane jepesi, siku moja wakulima wakaja na mapanga, akarukia mtoni na viatu vyake. Watu bado wanaonyeshana alipotokea.

Don Heriberto aliiona karatasi kabla sijaificha. Si mtu mbaya. Ana ile hasira ya watu wanaoogopa.

"Tani ishirini na tano, Nereida?"

"Sijamaliza kuikagua, don Heriberto."

"Ukague nini? Kila gunia la kilo sabini limeandikwa sitini na sita. Ndiyo hesabu yake, nimepiga kichwani." Akafunga mlango. "Haoni. Unajua haoni. Tunajifanya hatujui kwa sababu tunamheshimu. Mimi sisemi ameiba, Mungu anisamehe. Nasema macho yake yameniibia mimi jina. Tarehe mbili mizani ikifunguliwa simtaki getini."

"Ana miaka kumi na tisa hapo."

"Ndiyo maana nitamwambia kwa adabu. Kesho, baada ya wosia. Acha afurahie mgawo wake kwanza."

Nilirudi nyumbani nikala ndizi za kuponda na jibini bila kuonja chochote. Shangazi alikuwa anaimba anaosha vyombo, anavipapasa kwa vidole kujua kama vimetakata. Nikamwambia nina kazi, nitaondoka mapema. Akasema, "Wewe na hizo karatasi, mtazikwa pamoja."

Asubuhi ya tarehe thelathini na moja nilikuwa ofisini saa kumi na mbili. Nilijiambia hivi: uzito una madaftari mawili. Kinachoingia kiko kwenye daftari la shangazi. Kinachotoka kiko kwenye daftari la ghala, na huko shangazi hagusi. Kila mtu amekimbilia kulitilia shaka la kwanza kwa sababu ya macho yake. La pili hakuna aliyelifungua.

Nikalifungua. Kila kontena lina mstari wake: tarehe, namba ya lori, dereva, lakiri ya mlango. Nikahesabu kwa kidole. Kumi na tano. Nikarudia kutoka chini kwenda juu. Kumi na tano.

Leja ya mauzo inasema kumi na sita.

Jamani. Nilikaa nikaitazama feni.

Kwetu kila kontena lina ankara mbili, na hilo ndilo shimo ambamo mtu hutumbukia. Kakao ikipakiwa, tunatoa ankara ya muda: tani ishirini na tano kwa bei ya mkataba. Mnunuzi analipa asilimia tisini akishapata hati za meli. Mzigo ukifika Hamburg unapimwa upya, maana safarini kakao hupungua uzito kidogo, ndipo tunatoa ankara ya mwisho yenye pesa sahihi. Siku hiyo hiyo ni lazima utoe hati ya kufuta ile ya kwanza. Usipoifuta, umeuza kontena moja mara mbili. Mashine haikustukii, kwa sababu namba ni tofauti, tarehe ni tofauti, hata pesa ni tofauti.

Nikavuta orodha. Ankara za muda kumi na tano. Ankara za mwisho kumi na tano. Hati za kufuta kumi na nne.

Kontena la mwisho la mwaka. Ankara ya muda dola elfu sitini na nne. Ya mwisho elfu sitini na tatu mia sita na kumi na sita, baada ya kukatwa kilo mia moja na hamsini za safarini. Zote mbili ziko hai. Kwa nini sikuziona kwenye orodha ya wadaiwa? Kwa sababu mimi mwenyewe nilizificha. Malipo ya kwanza ya Hamburg, elfu hamsini na saba na mia sita, niliyaweka kwenye ankara ya muda. Ikaonekana inadaiwa elfu sita na mia nne tu. Malipo ya pili, elfu sita na kumi na sita, niliyaweka kwenye ankara ya mwisho. Ikaonekana inadaiwa elfu hamsini na saba na mia sita. Ukitazama haraka unaona mteja mzuri aliyelipa nusu nusu, atamalizia Januari. Ukijumlisha madeni hayo mawili unapata elfu sitini na nne kamili, dola kwa dola ankara iliyotakiwa kufa. Na kwenye karatasi ya benki ya malipo ya pili imeandikwa wazi: malizio. Hamburg hawatudai wala hatuwadai.

Na kakao iliyobaki nilikuwa nimeiingiza kwa ile tuliyohesabu kwa mikono, kwa hiyo gharama zilikuwa sawa. Kosa lote lilikuwa kwenye mauzo, na kila dola ya kosa ilishuka moja kwa moja kwenye faida. Elfu tisini na sita toa elfu sitini na nne. Thelathini na mbili.

Asilimia kumi ya hiyo, gawanya kwa watu thelathini na wawili. Mia moja.

Nilikumbuka hata siku yenyewe. Tarehe kumi na nane. Nilitoa ankara ya mwisho, nikaandika ombi la hati ya kufuta, nikaliweka kwenye trei kusubiri saini ya don Heriberto. Wilter akachungulia dirishani. "Mhasibu, tupe makaratasi ya kumnenepesha mzee, mwaka huu amekonda kama mshahara." Nami, bila kuinua kichwa, nikamwonyesha trei kwa kalamu. Ile trei siyo. Makaratasi ya kutupa yalikuwa kwenye ile ya chini.

Kosa langu. Si la macho ya mtu.

Nilimpelekea don Heriberto daftari la ghala, orodha na karatasi ya benki. Nilimweleza nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitasinzia. Alisikiliza vizuri. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Kwa hiyo Ermelinda hana kosa."

"Hana. Ukitoa tani ishirini na tano, zinabaki kilo mia tatu na kumi za kuzidi. Kwa kilo laki nne na elfu kumi na mbili, hiyo haifiki hata gramu mia kwa kila kilo mia. Hakuna mpimaji mkoa mzima anayefunga hivyo."

"Mia tatu na kumi ni za nini?"

"Sijui. Unyevu labda. Ziko ndani ya kawaida."

Nje vijana walikuwa wanapigilia jukwaa na mtu anaimba vibaya. Kisha don Heriberto akasema kwa sauti ya upole kabisa, na upole ule ndio ulionitisha.

"Sikiliza, binti. Benki wameshaona tisini na sita. Watu wameshasikia mia tatu. Hiyo hati ya kufuta, itoe tarehe mbili Januari. Ni siku mbili tu! Itaingia mwaka mpya, mwaka mpya utaibeba, nani atakufa? Shangazi yako anabaki kwenye mizani, nitasema niliyekosea kuhesabu magunia ni mimi. Anapata mia tatu zake, anafanyiwa macho. Wewe huna hata cha kuandika. Unaacha tu."

Kuacha tu. Nisikudanganye, nilitamani. Nilimwona shangazi anaitazama nywele yangu anacheka.

"Don Heriberto, mgawo wa Aprili utatoka hela gani?"

"Hela ni hela."

"Hamburg hawadaiwi. Hizo elfu sitini na nne hazipo duniani. Tutawagawia watu asilimia kumi na tano ya kitu kisichokuwepo, na serikali itachukua kodi juu yake. Kitakachotoka ni hela ya kununulia kakao. Aprili mkulima ataleta gunia, tutamwambia njoo wiki ijayo. Na nani atamwambia? Aliyekaa kwenye mizani."

"Utakuwa msimu mzuri."

"Na karatasi ya uzito? Benki wakiitaka, tani ishirini na tano zinakaa wapi?"

Akavaa tena miwani yake.

"Nitatoa hati leo," nikasema. "Kwa tarehe ya leo. Kosa ni langu, nitalisema mwenyewe."

Usidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimechoka. Uongo unataka mtu aliyelala vizuri: ukumbuke ulimwambia nani nini, uutunze Januari, Februari, mpaka Aprili. Mimi sikuwa nao ubavu huo.

"Una kichwa kigumu kama cha Ermelinda," akasema, akavuta simu kuwapigia benki. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Basi mzee wa mwaka hatakusemea. Utausoma wosia wewe."

Saa kumi watu wote walikuwa uwanjani, sinia na chupa za soda kila mahali, mvua imekatika, saruji inatoa mvuke. Mzee wa mwaka alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Nikamtazama mara mbili. Amevaa miwani ya waya, ameshika kikokotoo cha boksi, na wigi la kamba za magunia lililosimama wima. Ni mimi. Mwaka huu walikuwa wamenishona mimi.

"Tusamehe, mhasibu," Wilter akasema, "mzuri kuliko wewe hatukumpata."

Nikapewa karatasi. Nikasoma, maana kazi ni kazi.

"Kwa don Heriberto bosi, namwachia mfuko mpya, ule wa zamani una kufuli, ufunguo ameumeza. Kwa mhasibu Nereida, naacha kikokotoo, ajumlishe wachumba, jibu atapata ziro."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shangazi alikuwa mstari wa mbele, amegeuzia sikio upande wangu badala ya uso, kama alivyozoea siku hizi. Nikafika mstari wa mwisho. Umeandikwa kwa wino mwekundu: mia tatu.

"Mstari huu si sahihi," nikasema. "Ni mia moja."

Nikawaeleza. Nikawaambia kontena moja limeuzwa mara mbili kwenye karatasi, limekwenda mara moja tu baharini, na aliyefanya hivyo ni mimi. Nilisema na habari ya trei.

"Mia mbili zetu ziko wapi?" mtu akapiga kelele nyuma.

"Hazijawahi kuwepo."

"Jana zilikuwepo!"

"Mhasibu amezila!"

"Azile wapi, mtazame alivyokonda!"

Wilter hakucheka. Alikuwa ameshalipia kitanda cha mtoto kwa mkopo, nilijua. Alimwendea mzee wa mwaka, akampasua kifua kwa kisu cha kushonea magunia, akaanza kuchomoa makaratasi na kuyatupa chini. "Tuone," akasema. "Kama unasema kweli, imo humu." Watu wakasogea. Akachomoa kalenda, magazeti, risiti za mafuta ya jenereta. Kisha akanyoosha karatasi moja iliyokunjamana, akaisoma kwa shida, midomo inacheza. Ombi la kufuta ankara. Mwandiko wangu. Tarehe kumi na nane.

Alinitazama. "Nilikuomba makaratasi mabovu, dada."

"Uliniomba, nikakupa mazuri."

"Mwaka ujao tutamjaza pumba tu," akasema, akarudisha makaratasi mengine kifuani mwa yule mwanasesere, akamshona upya. Ile ya kwangu alinipa. Hakuna aliyenipigia makofi, na hakuna aliyenitukana tena. Watu walichukua soda zao wakaenda. Hicho ndicho kilichouma, namna walivyokwenda.

Shangazi alinisubiri getini, karibu na mizani yake. Tukatembea. Tulipofika darajani akaniuliza:

"Kwa nini don Heriberto jana alinisalimia kama mtu aliyefiwa?"

Nikamwambia yote. Tani ishirini na tano, sitini na sita kwa sabini, tarehe mbili. Nikamwambia hakuna tena shaka, mizani yake imefunga kwa tofauti ya kilo mia tatu na kumi tu mwaka mzima. Nilidhani atafurahi. Alisimama akashika ukingo wa daraja.

"Imefunga?"

"Imefunga, shangazi."

"Nere." Akanivuta karibu. "Tangu Agosti mimi sioni mshale wa mizani. Naona duara, naona weupe. Mshale sioni."

"Unaandikaje?"

"Wananisomea. Wenyewe. Mkulima anaweka gunia, anasoma, naandika. Nilijua nikikuambia utaniondoa, na ungekuwa na haki. Miezi mitano nalala nawaza, wangapi wananiongezea kilo? Ungekuwa wewe usingeongeza? Nilijua mwisho wa mwaka ghala litapungua na nitafukuzwa kama yule wa goti." Alikuwa analia sasa, bila kujifuta. "Na wewe unaniambia imefunga."

Nilimfuta uso kwa kiganja, huku nikihesabu. Mia moja yake na mia moja yangu ni mia mbili. Mia ya tatu sikujua itatoka wapi. Nikamshika mkono tukaenda nyumbani, na usiku ule walipowasha moto mtaani tulikuwa tumeshalala wote wawili.

Tarehe mbili nilimwambia don Heriberto nataka kukaa kwenye mizani asubuhi, mpaka Aprili, kukagua. Alinitazama sana. Nadhani alielewa. "Kagua," akasema.

Nikaweka kigoda nyuma ya shangazi. Wa kwanza kufika alikuwa don Teófilo, mkulima wa ng'ambo ya mto, mzee mkavu mwenye nyumbu wa mizigo. Akabwaga gunia kwenye sahani. Mshale ukacheza, ukatulia. Nilikuwa nauona vizuri: sabini na moja na nusu.

"Sabini na moja," akasema don Teófilo.

Shangazi akaandika sabini na moja.

Nikadhani amekosea. Likaja la pili. Mshale, sitini na nane na robo. "Sitini na nane," akasema. La tatu, sabini kamili. "Sabini." Nyuma yake akaja mwanamke mmoja na magunia mawili, naye vile vile: kila panapokuwa na nusu au robo, anaimeza. Hakuna hata mmoja aliyepandisha.

Zile kilo mia tatu na kumi nilizoziita unyevu.

Nikamfuata don Teófilo kwenye nyumbu wake. "Don Teófilo, lile la kwanza lilikuwa na nusu."

"Najua kusoma," akasema, anafunga kamba.

"Kwa nini hukuisema?"

Akatazama getini kuhakikisha shangazi hasikii. "Huyu mama hajawahi kuweka goti. Ghala likipungua watamtoa, watatuletea mwingine wa goti. Basi tukakubaliana, kila mtu aache kidogo, lisije likapungua." Akapanda. "Wewe mwenye shule usituharibie."

Nilirudi kwenye kigoda. Lilikuwa limewekwa gunia jingine, kijana fulani analisoma: "Sitini na tisa." Mshale ulisema sitini na tisa na nusu.

Mimi ni mhasibu. Nikainama sikioni kwa shangazi. "Na nusu," nikasema.

Kalamu ikasimama. Akageuza uso wake wote kwangu, yale macho ya maziwa. "Kwa hiyo walikuwa wananiibia?"

"Hapana, shangazi. Walikuwa wanajiibia wenyewe. Kwa ajili yako."

Foleni ilikuwa imefika barabarani na mtu akauliza kulikoni huko mbele. Shangazi akapapasa daftari mpaka akapata mstari, akaongeza nusu, kisha akajifuta uso kwa kitambaa cha magunia.

"Anayefuata," akasema. "Na soma yote."